Kupima kimo cha mti kwa pembe: umbali ndio unaodanganya

Hesabu yenyewe ni fupi. Unasimama mbali na mti, unapima umbali hadi shinani, unapima pembe ya mwinuko kutoka jichoni hadi kileleni, kisha unazidisha umbali kwa tanjenti ya pembe hiyo na kujumlisha kimo cha jicho lako. Ukiwa umbali wa mita 20, pembe ikawa digrii 38 na jicho likawa mita 1.55 kutoka ardhini:

```
20 × tan(38°) + 1.55 = 15.63 + 1.55 = 17.18
```

Mti una mita 17 na kidogo. Jibu likitoka baya, wengi hushuku pembe. Mimi huanza kushuku umbali.

Pembe ina kasoro zake, ila hizo hugundulika upesi. Ukitumia kipimapembe cha shule chenye uzi na kizito, uzi hulala kwenye 90 unapotazama mbele sawasawa, kwa hiyo pembe unayoitaka ni tofauti kati ya 90 na namba unayoisoma. Anayesahau kutoa atatumia 52 badala ya 38, na mti utaruka hadi mita 27. Kuna njia ya kujikagua: pembe ikiwa chini ya digrii 45, sehemu iliyo juu ya jicho lazima iwe fupi kuliko umbali wako. Kikokotoo nacho kijaribu kwanza kwa tan(45). Kisipotoa 1, hakijawekwa kwenye digrii.

Mahali pa kusimama pana uzito zaidi. Kosa la digrii moja ni la kawaida kwa kifaa cha uzi, lakini hasara yake haifanani kila mahali. Kwa mti ule ule, ukiwa mita 20, digrii moja inapoteza nusu mita hivi. Ukisogea hadi mita 5, pembe inapanda kupita digrii 72 na kosa lile lile linakaribia mita nzima. Ukirudi nyuma hadi mita 60, linapita mita moja. Hasara ni ndogo kabisa pembe inapokuwa digrii 45, yaani umbali wako unapokaribiana na kimo cha mti. Kadiria kimo kwa jicho, simama umbali kama huo, ndipo upime.

Sasa tuje kwenye umbali wenyewe. Hesabu inataka umbali wa mlalo, lakini utepe unaolazwa ardhini hufuata mteremko. Tena kwenye mteremko, kujumlisha kimo cha jicho hakuna maana, kwa sababu miguu yako na shina haviko usawa mmoja. Dawa ni kupima pembe mbili. Tuseme umesimama upande wa juu wa mteremko. Mwenzako anashika ncha ya utepe shinani, wewe unaunyoosha hadi jichoni na kupata mita 25. Kilele kiko digrii 30 juu, na shina digrii 12 chini. Umbali wa mlalo ni 25 × cos(12°), yaani mita 24.45. Kisha:

```
24.45 × (tan(30°) + tan(12°)) = 19.31
```

Aliyechukulia kwamba ardhi ni tambarare angepata 25 × tan(30°) + 1.55, sawa na 15.98. Amepoteza zaidi ya mita tatu, na pembe yake haikuwa na kosa lolote. Ukisimama upande wa chini hadi shina likawa juu ya jicho, tanjenti ya pili unaitoa badala ya kuijumlisha. Njia hii haihitaji kimo cha jicho kabisa, na ndiyo maana naipenda hata kwenye tambarare.

Limebaki kosa ambalo hata utepe mzuri hauliondoi: umbali unatakiwa uishie chini ya kilele, na kilele si lazima kiwe juu ya shina. Mti wa mita 17 ulioinama kuelekea kwako, kilele kikatangulia shina kwa mita 2, utausoma kuwa mrefu kwa karibu mita 2 za ziada. Ukiinama kwenda kinyume, utasomeka mfupi. Zunguka usimame ubavuni, ili uinamo uwe kulia au kushoto kwako. Mita 2 za ubavuni hubadilisha umbali wa mita 20 kwa sentimita 10 tu. Miti yenye matawi mapana ina hila ya ziada: tawi la mbele hukificha kilele, nawe ukapima tawi. Rudi nyuma mpaka uone sehemu ya juu ya katikati.

Majengo hupotosha kinyume chake. Ukilenga juu ya tangi lililo mita 6 nyuma ya ukuta wa mbele, nawe uko mita 30 kutoka ukutani, umbali wa kutumia ni 36. Kwa pembe ya digrii 35, kuzisahau hizo mita 6 kunapunguza jibu kwa mita 4.2.