Kusuluhisha wafanyakazi wawili wanaogombania majukumu ya pamoja: dhana potofu na ukweli

Wafanyakazi wawili wanapokabidhiwa kazi moja na kila mmoja akaanza kulalamika kwamba mwenzake hatimizi wajibu wake, mara nyingi huombwa mtu wa tatu aingilie kati. Mtu huyo huja na nia njema, lakini pia huja na mawazo kadhaa aliyoyazoea kuhusu ugomvi wa kazini, na baadhi ya mawazo hayo ndiyo yanayoharibu usuluhishi kabla haujaanza.

Dhana: Hawa wawili hawapatani kwa sababu ya tabia zao.

Ukweli ni kwamba katika magomvi ya majukumu ya pamoja, maneno kama "mzembe", "mjuaji" na "hashauriki" husikika mapema sana, lakini chanzo mara nyingi kimo katika kazi yenyewe, hasa pale kazi inapotoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Chukulia wafanyakazi wawili wanaoandaa ripoti ya kila mwezi. Wa kwanza hukusanya takwimu kutoka idara 6 na kuzipanga katika jedwali. Wa pili huandika maelezo na kuiwasilisha ripoti tarehe 5. Ripoti mbili mfululizo zimetoka na jumla zisizo sahihi. Mkusanyaji anasema kuwa anayewasilisha ndiye anayepaswa kuhakiki, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuigusa ripoti. Mwandishi anasema kuwa jedwali humfikia tarehe 4 jioni, na kwamba aliyekusanya takwimu ndiye pekee anayejua zilikotoka.

Msuluhishi akiuliza "nani alikosea?", atapata hotuba mbili. Akimwomba kila mmoja aandike, peke yake, hatua zote za ripoti iliyopita kwenye vipande vya karatasi, hatua moja kwa kila kipande, pamoja na tarehe na jina la aliyeifanya, kisha vipande vyote vikapangwa mezani kwa kufuata tarehe, picha hubadilika. Katika mfano huu, kipande cha "kuhakiki jumla" kinaonekana kwa wote wawili, ila kila mmoja amekiandika kwa jina la mwenzake. Hakuna aliyeikwepa kazi hiyo kwa makusudi. Kila mmoja aliamini kwa dhati kwamba ina mwenyewe. Kinaonekana pia kipande ambacho mwandishi hakuwahi kukijua: idara moja huleta takwimu zake tarehe 4 mchana, na mkusanyaji amekuwa akiifuatilia kwa simu tangu mwisho wa mwezi. Ucheleweshaji uliohesabiwa kuwa uzembe ulianzia nje ya chumba chao.

Kwa maoni yangu, nusu saa ya vipande hivyo ina faida kuliko saa nyingi za kujadili nani anamheshimu nani. Hata hivyo, machungu yaliyokwisha kutokea hayafutiki kwa karatasi, na mwandishi aliyekuwa akimsema mwenzake mbele ya wengine huenda akahitaji kupewa nafasi ya kuyarudisha maneno yake.

Dhana: Wakalishe pamoja mara moja, waambiane ukweli.

Kikao cha pamoja kinachofanyika bila maandalizi huwapa wote wawili jukwaa la kurudia hoja walizokwisha kuzizoea, tena safari hii mbele ya shahidi. Ni bora kuanza na mazungumzo ya faragha na kila mmoja, yenye muda unaolingana na maswali yaleyale: kazi hii huendaje tangu mwanzo hadi mwisho, hukwama wapi, ni lini mara ya mwisho ilipokwama, na ungetaka mwezi ujao iweje? Swali la mwisho lina uzito wa pekee kwa sababu humtoa mtu kwenye msimamo ("mimi sihakiki") na kumfikisha kwenye haja iliyo nyuma yake ("sitaki jina langu liwe kwenye ripoti ambayo sikupata muda wa kuisoma").

Kabla ya maswali hayo, kila mmoja aelezwe wazi kipi kitabaki siri na kipi hakiwezi kubaki siri. Msuluhishi anayemnong'oneza mmoja maneno ya mwingine, hata kwa nia ya kutuliza, huwa amekwisha kupoteza imani ya wote wawili. Na kama msuluhishi ndiye msimamizi anayewatathmini kikazi, awaambie hivyo tangu mwanzo, kwa sababu watapima kila neno kwa kuhofia tathmini. Penye uwezekano, kazi hii ipewe mtu asiye na mamlaka juu yao.

Dhana: Mmoja lazima anadanganya kuhusu kiasi anachofanya.

Mwaka 1979, watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa kila mmoja hubeba sehemu gani ya shughuli mbalimbali za nyumbani. Majibu ya wawili yalipojumlishwa, kwa kawaida yalizidi kiasi chote kinachowezekana. Sababu mojawapo ni nyepesi kueleweka: mtu hukumbuka kwa urahisi juhudi zake mwenyewe, kwa kuwa alikuwepo zilipofanyika, ilhali juhudi za mwenzake huona matokeo yake tu. Ndivyo ilivyo kwa zile simu za mkusanyaji, ambazo mwandishi hakuzisikia. Kwa hiyo watu wawili wakweli wanaweza kuapa kila mmoja kwamba anafanya sehemu kubwa zaidi, na msuluhishi hana haja ya kumtafuta mwongo.

Dhana: Haki ni kugawana nusu kwa nusu.

Mgawanyo huu huvutia kwa sababu hauhitaji fikra. Katika mfano wetu ungempa kila mmoja idara 3, na matokeo yake yangekuwa majedwali mawili yaliyopangwa kwa mitindo miwili, pamoja na mahali papya pa kukabidhiana ambapo makosa yangeweza kujificha. Kinachofaa zaidi ni kila hatua iwe na mwenyewe mmoja, hata kama hatua hazilingani kwa idadi. Makubaliano yao yanaweza kusomeka hivi: takwimu zinafungwa tarehe 2, mkusanyaji analinganisha jumla na fomu za idara, kisha anatuma jedwali kabla ya saa sita mchana tarehe 3, idara isiyoleta takwimu inaachwa wazi na kutajwa kwa jina, mwandishi analinganisha na mwezi uliotangulia na kurudisha maswali yake siku hiyohiyo, hakuna anayebadilisha tarakimu bila kumjulisha mwenzake. Msimamizi naye anapaswa kuiarifu ile idara kuhusu tarehe 2, kwa sababu wawili hawa hawana uwezo wa kuilazimisha.

Dhana: Wakishapeana mikono, yamekwisha.

Makubaliano yaandikwe kwa maneno yao, yasizidi ukurasa mmoja, kila mmoja abaki na nakala, na ipangwe tarehe ya kuyapitia tena baada ya ripoti mbili. Katika pitio hilo, swali liwe ni hatua ipi iliyokwama. Dalili ya kwamba makubaliano hayajashika ni pale wanapoanza kumtumia msuluhishi kama mjumbe, kila mmoja akimletea malalamiko ambayo angeweza kumweleza mwenzake moja kwa moja.

Dhana: Kila mgogoro wa wenza wa kazi unafaa kusuluhishwa.

Yapo ambayo hayafai. Katika mazungumzo ya faragha mmoja akieleza vitisho, unyanyasaji wa kijinsia, au kulazimishwa kughushi tarakimu, usuluhishi usimame hapo hapo. Mambo hayo yana taratibu zake za uchunguzi na nidhamu, na kumkalisha aliyetishwa mezani na aliyemtisha ili "wakubaliane" ni kumwongezea madhara. Hapo wajibu wa msuluhishi ni kumweleza mhusika njia rasmi zilizopo za kulalamika, na kuahirisha kikao cha pamoja bila kumfichulia mtu mwingine sababu yake.