Umbizo la masharti: jedwali linalojipaka rangi lenyewe

Umbizo la masharti ni kanuni unayoipa lahajedwali ili seli ibadilike rangi au mwonekano wa maandishi kulingana na kilichomo ndani yake. Wewe huchagui seli ya kupaka. Unataja sharti, na kila seli inayolitimiza hupata rangi, kisha huipoteza sharti linapokoma. Hapo ndipo inapotofautiana na rangi ya kopo lile dogo kwenye menyu, ambayo hubaki pale pale hata deni likishalipwa.

Tuchukue daftari la mikopo la chama cha akiba cha wafanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda, lenye wanachama 60, limehamishiwa kwenye Excel. Vichwa vya safu viko mstari wa 4, majina yanaanzia mstari wa 5 hadi wa 64. Safu A ni namba, B jina, C mkopo, D alicholipa, E salio linalokokotolewa kwa `=C5-D5` kuanzia E5 hadi E64, F tarehe ya mwisho ya kulipa, G hali. Mweka hazina anataka kila aliyepitisha tarehe na bado ana salio aonekane mara moja.

Chagua A5 hadi G64 ukianzia A5, fungua `Home`, kisha `Conditional Formatting`, `New Rule`, halafu `Use a formula to determine which cells to format`. Andika:

```
=AND($F5<>"",$F5<TODAY(),$E5>0)
```

Bonyeza `Format`, chagua rangi hafifu ya kujaza na maandishi mazito, ukubali. Tuseme leo ni tarehe 20 Mei 2026. Mwanachama wa mstari wa 9 alikopa 500,000, amelipa 320,000, salio ni shilingi 180,000, na tarehe yake ilikuwa 15 Mei. Mstari wake wote unawaka. Akileta 180,000 na mweka hazina akajaza 500,000 kwenye D9, salio linakuwa sifuri na rangi inaondoka bila mtu kuigusa.

Kazi yote iko kwenye alama ya dola. `$F5` maana yake safu F haihami, lakini namba ya mstari inasogea, hivyo kila mstari unajipima kwa tarehe yake. Ukiandika `$F$5` na `$E$5`, wote 60 wanapimwa kwa tarehe na salio la mtu wa kwanza: ama jedwali zima linawaka, ama hakuna hata mmoja. Ukiacha dola kabisa, safu A inapimwa sawasawa lakini B inakwenda kuangalia G, na rangi inatokea vipande vipande. Kosa baya zaidi ni kuandika `$F4` na `$E4` ilhali eneo linaanzia mstari wa 5. Kila kitu kinaonekana kizuri, ila rangi imeshuka mstari mmoja, na deni la mtu linamwangukia aliye chini yake. Kwenye chama cha fedha hilo ni jambo la kuvunja heshima ya mtu mbele ya wenzake, kwa hiyo linganisha mistari miwili mitatu kwa macho kabla ya kumwonyesha yeyote. Ile sehemu ya `$F5<>""` nayo ina sababu: seli tupu huhesabiwa kama sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko leo, kwa hiyo bila sehemu hiyo mwenye salio ambaye tarehe yake haijajazwa angeitwa mdaiwa sugu.

Kuna hitilafu nyingine isiyojitangaza. Kompyuta nyingi huja zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, na sisi tunaanza na siku. Ukiandika 15/05/2026 kwenye kompyuta hiyo, Excel haipati mwezi wa 15, basi inaihifadhi kama maandishi ya kawaida. Na katika ulinganisho wa Excel, maandishi daima ni makubwa kuliko namba, hivyo tarehe hiyo kamwe haiwi ndogo kuliko leo na mdaiwa hawaki hata mwaka upite. Utaitambua kwa sababu imeegemea kushoto mwa seli, wakati tarehe halisi huegemea kulia. Ongeza kanuni ya pili kwenye F5 hadi F64, kwa rangi tofauti:

```
=ISTEXT($F5)
```

Zilizogeuka maandishi zitajitokeza. Lakini 05/06/2026 imekwisha kupokelewa kimyakimya kama tarehe 6 Mei badala ya 5 Juni, na hiyo haitaonyeshwa na kanuni yoyote. Badilisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta kwanza, kisha uandike upya safu hiyo kutoka kwenye daftari la karatasi.

Upana wa safu una jambo moja la kujua. Namba au tarehe isiyotosha hugeuka kuwa `#####`. Haijaharibika, imekosa nafasi tu. Jina refu hukatwa bila ishara yoyote ikiwa seli ya kulia ina kitu. Bonyeza mara mbili kwenye mpaka kati ya herufi za safu, ijipanue yenyewe.

Kugandisha vichwa ni kwa ajili ya skrini. Simama kwenye C5, nenda `View`, `Freeze Panes`: mistari 1 hadi 4 na safu A na B zinabaki mahali pake ukishuka kwa mwanachama wa 60. Hakikisha kwanza mstari wa 1 unaonekana, la sivyo ile iliyofichika juu itakwama huko na hutaifikia kwa kusogeza.

Watu wengi hushangaa kwamba kugandisha hakufiki kwenye karatasi. Ukurasa wa pili hutoka ukiwa na namba tupu bila vichwa, na wazee wa chama wanauliza ipi ni mkopo na ipi ni salio. Vichwa vya karatasi huwekwa kwingine: `Page Layout`, `Print Titles`, na kwenye `Rows to repeat at top` uandike `$4:$4`. Hapo hapo kwenye `Page Layout` weka `Size` iwe A4, kwa kuwa programu mara nyingi huja na karatasi ya Kimarekani ya Letter, na `Orientation` iwe ya kulala. `Width` iwe `1 page` ili safu G isiangukie ukurasa wake peke yake, lakini `Height` iache `Automatic`. Ukilazimisha watu 60 waingie ukurasa mmoja, herufi zitapungua hadi hazisomeki.

Kisha kuna rangi yenyewe. Printa ya stationery nyingi mtaani ni ya nyeusi na nyeupe, na wekundu mkali hutoka kijivu kizito kinachomeza jina. Ndiyo maana nilisema rangi hafifu na maandishi mazito, na ndiyo maana safu G ipo. Weka G5 hivi, kisha uiburute hadi G64:

```
=IF(AND($F5<>"",$F5<TODAY(),$E5>0),"AMECHELEWA","")
```

Neno hilo litatoka kwenye printa yoyote, na hata kwenye nakala ya fotokopi. Andika pia kwenye mstari wa 2 tarehe ya kuchapisha, na uiandike kwa mkono wako badala ya kutumia `TODAY()`, kwa sababu faili likifunguliwa wiki ijayo `TODAY()` itaonyesha tarehe nyingine na karatasi iliyosainiwa haitalingana tena na kilicho kwenye skrini.