Je, wajua? Mkasi ndio unaoharibu laminesheni

*"Orodha yetu ya usafi wa jiko tuliichapa kwa herufi kubwa, tukailaminetisha, tukaikata sawasawa na karatasi ili ipendeze. Mbona wiki ya pili ukingo umevimba na una madoa?"*

Kwa sababu mkasi uliondoa sehemu pekee iliyokuwa inazuia maji yasiingie ukingoni.

Wengi huamini kwamba joto la mashine huizamisha plastiki ndani ya karatasi, kwa hiyo ukishalaminetisha unaweza kukata popote. Sivyo. Bahasha ya laminesheni ina utando wa nje wa poliesta, na ndani yake tabaka jembamba la gundi. Mashine huyeyusha gundi hiyo tu. Inapokutana na karatasi, hushika nyuzi za juu kwa kila upande na kuishia hapo. Karatasi ya kawaida ina unene wa kama milimita 0.1, na katikati ya unene huo bado ni karatasi ile ile, inakunywa maji kama zamani. Chukua kipande kilichokatwa sawasawa na karatasi, kivute kona kwa ukucha: gundi haibanduki, bali karatasi yenyewe inapasuka, nusu ikibaki utando huu na nusu utando ule.

Ni kama sambusa. Manda haishikamani na nyama; inashikamana na manda mwenzake pale ulipopaka uji wa unga. Hiyo mishono ndiyo inayozuia mafuta yasiingie. Bahasha ya A4 kwa kawaida ni milimita 216 kwa 303, na karatasi ya A4 ni 210 kwa 297, kwa hiyo kila upande unabaki mshono wa milimita 3 ambapo utando umekutana na utando. Anayekata sawasawa na karatasi amekata mshono wote, akabaki na mapambo.

Basi kazi huanza kwenye mpangilio wa ukurasa, kabla ya mashine kuwaka. Tuseme orodha ya jiko ina kazi 12, na mnataka kitu cha mwisho kiwe A4 kamili kiingie kwenye faili. Weka pambizo za milimita 15 pande zote. Ukishachapa, punguza karatasi milimita 5 kila upande, ibaki 200 kwa 287. Ilaminetishe, kisha ukate plastiki ifikie 210 kwa 297. Sasa una mshono wa milimita 5 kuzunguka karatasi, na maandishi bado yana nafasi ya milimita 10 kutoka ukingo wa karatasi.

Ndani ya pambizo zinabaki milimita 267 za urefu. Kichwa kikichukua 37, zinabaki 230, ambazo zinatosha safu 12 za milimita 19. Herufi za pointi 20 zinatosha mistari miwili katika kila safu, na zinasomeka ukiwa umesimama. Kisanduku cha kutia tiki kiwe cha milimita 10. Kile kidogo kinachokuja na herufi hakifai, kwa sababu maka peni ya ubao mweupe huchora mstari mnene na tiki moja inakimeza chote. Visanduku vyote vipange wima, kimoja chini ya kingine, upande wa mkono unaoandika. Vikiwa upande wa pili, kiganja kinaweza kupita juu ya tiki na kuzifuta kabla ya zamu kuisha.

Wakati wa kuchapa chagua "Actual size", usichague "Fit". Tofauti si kubwa kwa macho, lakini "Fit" ikipunguza ukurasa, pambizo hazibaki zile ulizozipima. Njia rahisi ya kujua ni kuchora mstari wa milimita 100 kwenye ukurasa wa majaribio, kisha kuupima kwa rula.

Usisahau tundu la kuning'inizia. Ukitoboa kupitia karatasi, umefungua ukingo mwingine, tena mviringo, na mara nyingi doa la kwanza huanzia hapo. Kabla ya kulaminetisha, kata kona moja ya karatasi kimshazari, kama milimita 20 kila upande. Kona hiyo itakuwa plastiki tupu, na tundu utaliweka humo bila kugusa karatasi.

Mshono nao unaweza kuwa mbovu. Ukiuangalia kwenye mwanga ukaona ukungu mweupe au mistari ya fedha, gundi haikuyeyuka vizuri; ipitishe tena mashineni kabla ya kukata. Kwa karatasi nene, kama ya kadi, acha mshono mpana zaidi, maana utando unaposhuka kutoka kwenye kadi huacha kijia cha hewa pembezoni mwake, na milimita mbili za kwanza huenda zisishikane kabisa.