Mkimbiaji, ugoko ukiuma sehemu moja, acha kukimbia

Wakimbiaji wengi tunaowapokea kliniki hapa Mwanza, wakati watu wanajiandaa na Rock City Marathon, huja wakiwa wameshachuliwa mguu na kumeza diklofenaki, na mazoezi hawajaacha. Kwa baadhi yao ni misuli tu imechoka. Kwa wengine mfupa umeanza kupata ufa.

Mfupa ukibebeshwa mzigo mpya, mwili hubomoa kwanza sehemu iliyochoka, kazi ya wiki chache, ndipo ujenge nyingine imara, na hiyo huchukua miezi. Katikati hapo mfupa ni dhaifu. Ukiendelea kupiga lami kila siku, ubomoaji unauzidi ujenzi, na ufa hutokea bila hata kuanguka.

Chukua mfano wa binti wa miaka 19, kilo 50. Kutoka kilomita 20 kwa wiki, amepanda hadi 50 ndani ya wiki tatu, akipita Kirumba kwenda uwanja wa ndege. Mwanzoni ugoko ulimuuma mwisho wa mazoezi. Sasa unauma tangu hatua ya kwanza, na usiku pia. Ukibonyeza kwa ncha ya kidole, maumivu yako juu ya mfupa, mahali padogo kama sarafu. Misuli iliyochoka huuma kwa urefu wa kiganja. Picha ya eksirei ni safi, na nyumbani wanasema anadeka. Hadeki. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haionyeshi ufa huu. MRI huuona mapema.

Swali linalofuata ni hedhi. Ana miezi minne hajaiona. Ili awe mwepesi, asubuhi anakunywa chai kavu, mchana ugali kidogo na mchicha, usiku matunda: kama kalori 1,500 hivi. Siku ya kukimbia kilomita 10, takriban 500 zinaishia barabarani. Zinabaki 1,000, wakati mwili wake unahitaji karibu 1,800 mbali na mazoezi. Mwili ukibana matumizi, estrojeni hushuka, na estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usibomolewe kupita kiasi. Kwa wanaume hushuka testosteroni, na hamu ya tendo la ndoa hupungua.

Kwa ufa wa ugoko, kwa kawaida ni wiki sita hadi nane bila kukimbia. Baiskeli inaruhusiwa kama haiumi. Kuogelea pia, lakini bwawani, maana ziwani kuna kichocho. Diklofenaki huficha maumivu tu, ufa unaendelea. Na katika mapumziko hayo usipunguze chakula: kula michembe au uji wa karanga asubuhi, ugali wa kushiba, na dagaa wazima kwa ajili ya kalsiamu. Mfupa hauwezi kuunga kwa njaa.

Maumivu yakiwa kwenye kinena au ndani ya nyonga, usisubiri hata siku moja. Huenda ufa uko kwenye shingo ya mfupa wa paja, na ukikatika hapo ni upasuaji. Usiukanyagie mguu huo, tumia magongo, nenda hospitali siku hiyohiyo.