Kujaza Bei za Oda kwa VLOOKUP: Makosa Yasiyojionyesha

Tuseme laha ya Excel iitwayo Bei ina bidhaa 60 kuanzia mstari wa 2 hadi wa 61: namba ya bidhaa iko safu A, jina safu B na bei safu C. Katika laha ya Oda, namba ya bidhaa iliyoagizwa iko safu B, idadi safu C, na bei inatakiwa safu D. Kwenye D2 andika:

```
=VLOOKUP(B2,Bei!$A$2:$C$61,3,FALSE)
```

Fomula inachukua namba iliyo B2, inaitafuta katika safu ya kwanza ya eneo ulilotaja, kisha inaleta kilicho katika safu ya 3 ya eneo hilo. Ukimaliza, buruta fomula kushuka hadi mwisho wa oda.

Neno FALSE ndilo linalosahaulika zaidi, na hasara yake ni kubwa kwa sababu haionekani. Ukiliacha, programu haitafuti namba ileile bali iliyo karibu. Chukua orodha iliyopangwa kuanzia namba ndogo, ambayo baada ya 117 inaruka hadi 119. Mteja akiagiza 118, utaletewa bei ya 117 bila onyo lolote, na ankara itatoka na bei ya bidhaa nyingine. Ukiweka FALSE, unapata #N/A. Usiifiche kwa kuweka sifuri mahali pake, maana jumla itapungua na hakuna atakayejua.

Alama za dola nazo zina kazi. Bila hizo, eneo linashuka pamoja na fomula: ukifika D12 linakuwa A12:C71, na bidhaa kumi za mwanzo zimeachwa nje. Utalitambua kosa hili kwa kuwa oda za juu zinapata bei vizuri, ila za chini zinatoa #N/A kwa bidhaa ambazo unaziona kabisa kwenye orodha.

Kama dola zipo na bado unapata #N/A, linganisha seli zenyewe. Ikiwa 117 iko A18 kwenye Bei na B9 kwenye Oda, andika hivi katika seli tupu:

```
=Bei!A18=Oda!B9
```

Jibu likiwa FALSE, mara nyingi upande mmoja ni namba na mwingine ni maandishi, jambo la kawaida kwa data iliyotolewa mfumo mwingine. Ikiwa maandishi yako upande wa oda, tumia VALUE(B9) badala ya B9. Kwa namba za bidhaa zenye herufi, shida mara nyingi huwa ni nafasi tupu mwishoni; zikiwa upande wa oda, TRIM(B9) inatosha.

Bei ya orodha ikibadilishwa, oda za zamani nazo zitabadilika. Kwa hiyo oda ikishafungwa, nakili safu D na uibandike palepale kama thamani pekee, bila fomula.