Kubana kwa mirija ya hewa kutokana na mazoezi

Kubana kwa mirija ya hewa kutokana na mazoezi ni hali ambayo misuli inayoizunguka mirija ya mapafu hujikaza baada ya mtu kupumua kwa nguvu, mirija ikawa myembamba na pumzi ikatoka kwa shida. Mhusika hukohoa kikohozi kikavu, hubanwa kifua na hutoa sauti ya mluzi anaposhusha pumzi. Mara nyingi dalili hizo huzidi dakika 5 hadi 10 baada ya kusimama, wala si katikati ya mbio, kisha hupungua zenyewe ndani ya saa moja hivi. Huwapata wengi wenye pumu, lakini pia wanariadha wasio na pumu.

Baridi hulaumiwa sana, ilhali kiini hasa ni ukavu. Hewa ifikapo ndani ya mapafu huwa na joto la nyuzi 37 na maji yapatayo miligramu 44 katika kila lita. Maji ambayo hewa haikuja nayo hutolewa na majimaji membamba yanayofunika kuta za mirija. Tumchukulie mkimbiaji avutaye lita 80 kwa dakika. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 28 na unyevu mwingi, kila lita huja na miligramu 22 hivi, kwa hiyo mwili hudaiwa gramu 1.8 za maji kila dakika. Iten, kwenye nyanda za juu za Kenya, alfajiri ya nyuzi 10, hewa haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 9 au 10 hata ikiwa na ukungu, na deni hilo hukaribia gramu 2.8. Hewa baridi, basi, ni kavu kwa sababu haina uwezo wa kushika maji mengi.

Majimaji hayo yanapopungua, chumvi iliyomo hukolea, na seli za kinga zilizo ukutani huachilia histamini na kemikali nyingine zinazoikaza misuli.

Pua ingeweza kuzuia sehemu kubwa ya madhara haya, kwa kuwa kuta zake zenye mikunjo na damu nyingi huipasha hewa joto na kuilowesha mapema. Tatizo ni kwamba kasi ya kupumua ikipita lita 35 hadi 40 kwa dakika, watu wengi huanza kutumia na mdomo, na hapo kazi ya kulowesha hewa hushuka hadi kwenye mirija midogo ambayo haikuizoea. Kitambaa kinachofunika pua na mdomo husaidia kweli, kwani hunasa unyevu wa pumzi itokayo na kuurudisha kwa ile inayoingia.

Ili kuthibitisha, daktari hupima hewa inayotolewa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, kabla ya zoezi na mara kadhaa katika dakika 30 baada yake. Ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, mirija imebana. Sauti inayosikika wakati wa kuvuta pumzi, na kutoweka upesi mtu anapopumzika, mara nyingi hutoka kooni, na dawa ya kuvuta ya salbutamoli haiiondoi.