Kima, mamba na moyo ulioachwa mtini: tunayoyakosea kuhusu hadithi za Jataka

Aliyelelewa kwa ngano za pwani anamjua kima aliyepanda mgongoni mwa papa, akaambiwa katikati ya bahari kwamba moyo wake unatakiwa uwe dawa, akajibu kuwa ameuacha nyumbani, mtini. Mabuda, yaani wafuasi wa Buda, nao wana kisa hicho. Kwao kima yule ni mtu maalumu: ni Buda mwenyewe, katika maisha aliyoishi zamani sana kabla hajawa Buda. Hadithi ya maisha yake ya zamani namna hiyo huitwa Jataka. Kisa chao kinaitwa Sumsumara Jataka, yaani Jataka ya mamba, nacho ni cha 208 katika mkusanyo mkubwa wa lugha ya Kipali wenye hadithi 547. Mengi yanayosemwa vibaya kuhusu hadithi hizi yanaweza kunyooshwa kwa kukisoma kisa hiki kimoja kwa makini, kwa hiyo nitakaa nacho.

Kwa ufupi kinakwenda hivi. Kima mkubwa mwenye nguvu anaishi kwenye kona ya mto Ganga. Mke wa mamba anamwona, anashikwa na hamu ya kuula moyo wake, na anamwambia mumewe kwamba asipoupata atakufa. Mamba anamwendea kima. "Mbona unakula matunda mabaya ya upande huu, na ng'ambo kuna maembe na mafenesi yasiyokwisha? Panda mgongoni, nikuvushe." Kima anapanda. Katikati ya mto mamba anaanza kuzama, kisha anakiri shabaha yake. Kima hapapatiki. Anasema, "Vema umeniambia. Mioyo yetu ingekuwa vifuani, tungeruka vipi matawini bila kupasuka? Huwa tunaitundika." Anamwonyesha mkuyu ulio karibu, umejaa vishada vya matunda mabivu. "Ile pale, inaning'inia." Mamba anamrudisha, kima anaruka juu, na kazi imekwisha.

Dhana: Buda alipokufa alirudi duniani akiwa mnyama ili awafundishe watu wema.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linageuza kila kitu juu chini. Ukweli ni kwamba mpangilio wa wakati ni kinyume. Kwa imani ya Mabuda, aliyefikia ubuda hazaliwi tena. Safari yake ya kuzaliwa na kufa imekoma. Kima wa mto Ganga yuko nyuma, si mbele. Aliyezaliwa kima haitwi Buda bado. Anaitwa Bodhisatta, kiumbe aliye njiani kuelekea kuamka, yaani kuwa Buda. Mapokeo yanasema njia hiyo ilianza pale mtawa wa porini aliyeitwa Sumedha alipoweka nadhiri mbele ya Buda wa enzi za kale, Dipankara, na tangu hapo akaanza kukusanya sifa kumi, miongoni mwake ukarimu, subira, ukweli na hekima, maisha baada ya maisha.

Wala katika mkusanyo huu wa Kipali mnyama si vazi analovaa mwalimu ili atoe somo. Kuzaliwa mnyama kunahesabiwa kuwa hali ya chini, ya taabu, kwa sababu mnyama hutawaliwa na njaa na hofu na hana nafasi kubwa ya kutenda mema. Ndiyo maana hadithi zina uzito: hata pale, ndani ya ngozi ya kima au sungura, Bodhisatta anapata upenyo wa kutenda jambo jema. Somo lenyewe linakuja baadaye sana, Buda anapokaa na watawa wake na kuwasimulia. Kima hakujua kwamba anafundisha mtu. Alikuwa anaokoa roho yake.

Na tukisema roho, tuseme kwa tahadhari. Msomaji wa Kiswahili hufikiria mara moja roho moja inayohama mwili huu na kuingia ule. Mafundisho ya Buda yanakanusha roho ya kudumu ya aina hiyo. Kinachoendelea ni mfuatano wa matendo na matokeo yake, kama mwali wa taa moja unavyowasha taa nyingine.

Dhana: Kila neno la Jataka lilitoka kinywani mwa Buda.

Hapa inabidi tuifungue hadithi na kuiangalia mishono yake. Kila Jataka ina sehemu ya mwanzo iliyo "leo", yaani enzi za Buda: watawa wanazungumza jambo fulani, Buda anawauliza wanaongea nini. Katika kisa chetu habari ni kwamba Devadatta, jamaa yake aliyegeuka adui, anapanga kumuua. Buda anajibu kwamba si mara ya kwanza, kisha anasimulia ya zamani. Katikati ya hayo ya zamani mna beti. Baada ya beti kuna ufafanuzi wa neno kwa neno, na mwishoni kabisa Buda anaunganisha: mamba wa wakati ule ni Devadatta wa leo, mke wa mamba ni Chincha, mwanamke aliyemsingizia mimba, "na kima ni mimi."

Sasa, katika sehemu zote hizo, ni beti tu zinazohesabiwa kuwa maandiko matakatifu. Masimulizi ya nathari ni maelezo yaliyofungamanishwa nazo, na yalipata umbo tulilo nalo nchini Sri Lanka karibu na karne ya 5. Hata hadithi zenyewe zimepangwa kwa idadi ya beti: kwanza zenye ubeti mmoja, kisha mbili, na kuendelea. Sumsumara ina mbili, na nikizileta kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Yanitosha, sitaki maembe, zambarau na mafenesi*
*uyaonayo ng'ambo ya bahari. Mkuyu wangu ni bora.*

*Mwili wako mkubwa kweli, akili hailingani nao.*
*Nimekudanganya, mamba; haya nenda utakako.*

Umeliona neno lile? Ubeti unasema bahari. Nathari inasema mto Ganga. Mimi kila nikifika hapo nasimama, maana ni kama kuona uzi wa rangi nyingine kwenye nguo. Ubeti na masimulizi havikushonwa siku moja. Pengo linaonekana.

Hii haimaanishi kwamba hadithi ni za juzi. Huko Bharhut, katikati ya India, Alexander Cunningham alikuta mwaka 1873 mabaki ya uzio wa mawe wa hekalu la Kibuda, wa karne ya 2 au ya 1 kabla ya Kristo, wenye michoro ya Jataka iliyochongwa na majina yake kuandikwa kando. Ni wazi waliopita pale walizijua hadithi hizo karne nyingi kabla ya nathari tunayoisoma.

Dhana: Mnyama ni mfano kamili wa maadili, na ndiye shujaa daima.

Kwanza, katika nyingi ya hadithi hizi Bodhisatta si mnyama. Ni mfalme, mfanyabiashara, mtawa, mungu Sakka, au pepo wa mti anayetazama tu wengine wakifanya mambo na kutia neno mwishoni. Katika Jataka ya 318 ni mwizi. Wanyama ndio waliovuma kwa sababu ndio wanaosimulika kwa watoto.

Pili, turudi kwa kima wetu. Alisema uongo. Na hakuuficha: ubeti wenyewe unajisifu, "nimekudanganya." Lakini katika Jataka ya 431 nathari inatamka kwamba Bodhisatta anaweza kuteleza katika makatazo mengine, ila hasemi uongo. Kauli hizo mbili hazipatani, na sioni sababu ya kulazimisha zipatane. Ngano ya kima mjanja ilikuwa ikitembea India kabla ya kuvishwa jina la Bodhisatta, na ilipoingizwa ndani haikubadilishwa moyo wake. Sifa inayosifiwa hapa ni utulivu wa akili mbele ya kifo. Ukweli unafundishwa kwingine.

Anayetaka kima wa kujitoa mhanga amsome yule wa Jataka ya 407. Huyu ni mfalme wa kima 80,000 wanaokula maembe ya mti ulio ukingoni mwa Ganga. Embe moja linaponyoka, linaelea hadi kwa mfalme wa Baranasi, naye analionja na kuufuata mti. Usiku wapiga mishale wanauzingira. Mfalme wa kima anaruka ng'ambo, anakata mmea mrefu wa kutambaa uwe daraja, anapima: kiasi hiki cha kufunga kwenye mti, kiasi hiki cha kukaa hewani. Anasahau kiasi cha kuzungusha kiunoni mwake. Anaruka kurudi, kamba inapungua, inambidi aushike mwembe kwa mikono na kuufanya mwili wake uwe sehemu ya daraja. Kima wote wanampita mgongoni. Wa mwisho, ambaye ni Devadatta tena, anamrukia kutoka tawi la juu kwa makusudi na kumvunja.

Kosa la hesabu, na katika kulifidia ndipo anapovunjika. Wasimulizi wangeweza kumpa kamba ya kutosha. Hawakumpa, na kwa sababu hiyo namwamini.

Dhana: Basi ngano yetu ya kima na papa imetoka kwa Mabuda.

Ni udugu, lakini si wa mzazi na mtoto. Toleo la Unguja, lililochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, linaendelea pale Jataka inapokoma. Kima akiwa salama juu ya mkuyu, papa anamwita tena twende, naye anamjibu kwa kisa kingine: punda wa dobi, aliyemponyoka simba mara ya kwanza, akashawishiwa akarudi, akaliwa, na ikasemwa kwamba hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi.

Punda huyo hayumo katika Jataka. Yumo katika Panchatantra, kitabu cha Kihindi kisicho cha Kibuda, mle mle ndani ya kisa cha kima na mamba. Kutoka huko kiliingia Kiajemi cha kale katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, ambamo mamba amekuwa kobe. Punda ndiye anayetuonyesha ngano ilipita njia ipi kufika pwani. Mahali pa mke mwenye hamu, Unguja iliweka sultani mgonjwa. Mto ukawa bahari, mamba akawa papa. Mkuyu umebaki mkuyu.